Jina chini ya picha: kukubali kupigwa picha sio kukubali kutajwa

Mtu akilalamika kwamba picha yake imewekwa mtandaoni na jina lake bila kuulizwa, mara nyingi anajibiwa kitu kimoja kati ya viwili. Ama anaambiwa "picha nimepiga mimi kwa simu yangu", ama "si ulikuwa mahali pa wazi, kila mtu alikuona". Haya majibu yana ukweli wake kidogo lakini hayagusi lalamiko lenyewe, maana huyu mtu hasemi kwamba picha ni yake kama mali na hasemi kwamba alikuwa amejificha, anasema sura yake na jina lake vimeunganishwa vikapelekwa kwa watu ambao hakuchagua wamjue. Hapo kwenye kuunganishwa ndo nataka tukae.

Tuanze na la kwanza la "nimepiga mimi". Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyepiga, hio iko wazi, inamlinda asiibiwe kazi yake. Lakini hakimiliki ni mambo kati ya mpiga picha na watu wanaotaka kuitumia ile picha, haisemi chochote kuhusu yule anayeonekana ndani. Yeye ana haki yake nyingine kabisa, haki juu ya sura yake, na hizi haki mbili zinaishi kwenye picha moja bila moja kuifuta nyingine. Kwa hiyo unaweza kuwa mmiliki halali wa picha na bado usiwe na ruhusa ya kuitoa hadharani.

Hili sio jambo la juzi. Mwaka 1898 Otto von Bismarck, aliyekuwa kansela wa Ujerumani, alipofariki, wapiga picha wawili waliingia usiku chumbani alimolazwa wakapiga picha ya maiti yake ili wauze. Familia ikaenda mahakamani na ikashinda, ila tatizo likaonekana: mahakama ililazimika kuegemea kosa la kuingia nyumba ya watu bila ruhusa, kwa sababu hakukuwa na sheria inayosema wazi kwamba sura ya mtu inalindwa. Je wangepiga kutokea nje dirishani? Ndo Ujerumani ikatunga sheria mwaka 1907 inayosema picha ya mtu inasambazwa au kuonyeshwa hadharani kwa ridhaa yake tu, na baada ya kufa ulinzi huo unaendelea kwa ndugu zake miaka 10. Ina vighairi vyake, mfano mtu aliyeingia kwenye historia ya nyakati hizo, au picha ya mandhari ambayo mtu ametokea tu pembeni, au picha ya mkutano na maandamano. Angalia lakini sheria imeweka mkazo wapi, kwenye kusambaza na kuonyesha. Kupiga ni tendo moja, kutoa ni tendo jingine.

Mi ningeongeza la tatu, kutaja jina. Kwa hiyo ruhusa ziko tatu na watu wengi wanazichanganya kuwa moja: kukubali kupigwa, kukubali picha itoke, na kukubali jina liandikwe pale. Mtu anaweza kutoa ya kwanza na kukataa ya pili, anaweza kutoa mbili za mwanzo na kuishia hapo. Akitabasamu mbele ya kamera ametoa ya kwanza, basi, hajasema neno kuhusu hizo nyingine.

Sasa kwa nini jina nalihesabu peke yake wakati sura inaonekana tayari? Kuna kesi moja ya Kanada inasaidia sana kuelewa. Mwaka 1988 mpiga picha mmoja Montreal alimpiga binti wa miaka 17 akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo, barabarani, mchana, na jarida la sanaa likaitoa hio picha. Hakuulizwa. Haikuwa picha ya aibu, hamna aliyesema ni mbaya. Jarida liliuza nakala 722 tu, ila mmoja wa watu waliomfahamu akaiona, wenzake shuleni wakaanza kumcheka. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1998 ikaamua kwamba binti ana haki, akapewa dola 2,000. Mahakama ikasema kuwa mahali pa wazi hakutoshi kama mtu ndiye aliyelengwa na picha, ni tofauti na mtu ambaye amepita tu nyuma au yuko katikati ya umati, na uhuru wa msanii kuonyesha kazi yake haukuzidi haki ya huyu binti kwa sababu kupata ridhaa yake kungewezekana bila shida. Nadhani hapa ndo jibu la "ulikuwa mahali pa wazi" linapoishia. Watu kumi waliokupita pale ngazini wamekuona sekunde mbili wakasahau, kukaa kwenye ukurasa uliochapwa ni kitu kingine.

Sasa fikiria walioweza kumtambua yule binti ni kina nani. Ni wale tu waliokuwa wanaijua sura yake tayari: wanafunzi wenzake, majirani, ndugu. Kwa mtu mwingine yeyote alikuwa msichana fulani amekaa. Ukiweka jina mpaka huo unaondoka kabisa. Mtu ambaye hajawahi kukutana naye anaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia na sura inakuja, pamoja na mahali alipokuwa na alichokuwa anafanya. Na inaenda upande wa pili pia, aliyeiona sura tu sasa anapata jina, na akiwa na jina anapata mengine yote yaliyowahi kuandikwa nalo. Alafu kuna mashine za kutambua sura ambazo zinajengwa kwa kukusanya picha za mtandaoni, kampuni ya Clearview AI ilikusanya mabilioni bila kumuuliza mtu, na kwa mashine kama hio picha yenye jina chini ni kama karatasi ya majibu, kuanzia hapo hata picha zako nyingine zisizo na jina zinaweza kuunganishwa na wewe. Kwa hiyo picha bila jina inategemea nani anakufahamu, picha yenye jina inategemea nani anakutafuta, na hao wa pili huwajui na huwezi kuwahesabu.

Naomba tuchukue mfano mmoja tuupitie taratibu, ni wa kubuni ila mambo yake ni ya kawaida kabisa. Shirika linaendesha mafunzo ya bure kwa watu waliopoteza kazi. Mshiriki mmoja, tumwite Neema, amekaa mstari wa mbele. Asubuhi alisaini karatasi ya mahudhurio ambayo chini kwa herufi ndogo imeandikwa picha zitapigwa kwa ajili ya kumbukumbu. Mpiga picha akaja, Neema akaangalia kamera akatabasamu. Wiki iliyofuata picha iko kwenye ukurasa wa shirika, kapsheni inataja jina lake na la ukoo, "aliyepoteza kazi mwaka jana, akimsikiliza mkufunzi", na ukutani nyuma yake linaonekana bango la ukumbi.

Hebu tuhesabu nini kimetoka hapo. Sura yake, jina kamili, kwamba hana kazi, tangu lini, mahali anapohudhuria mafunzo, na kama mafunzo yanaendelea basi na siku anazopatikana hapo. Hakuna hata kimoja ambacho ni siri kubwa, watu wa shirika wanavijua vyote na Neema mwenyewe labda amewaeleza rafiki zake. Lakini ameomba kazi sehemu tatu, na anayepitia maombi akiandika jina lake kitu cha kwanza kinachokuja ni hicho. Au, na hili ni zito zaidi, kuna mtu wa zamani maishani mwake ambaye Neema alimkimbia na hakutaka huyo mtu ajue anaishi upande gani. Shirika halikujua hayo, na haliwezi kujua. Ndo maana halisi ya kuuliza kwanza, sio adabu tu, ni kwamba habari inayohitajika kupima hatari anayo mtu mmoja tu, mwenye sura.

Ruhusa alizotoa Neema ni zipi? Ya kupigwa, ndiyo. Ya kutoa, hapana, kwa sababu "kumbukumbu" mtu wa kawaida anaelewa ni faili la ofisini, na ridhaa inaishia kwenye lengo aliloelezwa anayeridhia. Ya jina, hakuna kabisa, jina aliliandika kwenye karatasi ya mahudhurio kwa ajili ya mahudhurio. Na hata kama ile karatasi ingesema picha zitawekwa mtandaoni bado ningeuliza, je angeweza kukataa na bado akaingia? Kama kusaini ndo mlango wa kuingilia basi hio sio ridhaa, ni sharti. Hivyo hivyo kwa mwajiri na mfanyakazi, mwalimu na mwanafunzi, daktari na mgonjwa, anayeombwa anajua anayeomba ana kitu anachokihitaji. Na kunyamaza sio kukubali, kutokuja kulalamika mwezi mzima sio kukubali, pengine hajaiona tu.

Kuna swali moja ambalo shirika lingejiuliza kabla ya kuposti na kila kitu kingekuwa sawa: jina linafanya kazi gani hapa? Lengo lao ni kuonyesha mafunzo yamefanyika na watu wamekuja. "Mshiriki akimsikiliza mkufunzi" ingetosha kabisa, lengo lisingepungua hata kidogo. Hicho ndo kipimo ninachokiamini kuliko vyote, ondoa jina kichwani uone kama habari imepoteza kitu ambacho wasomaji wanakihitaji. Kama haijapoteza, jina lilikuwa pambo, na pambo halilipiwi kwa maisha ya mtu mwingine. Jina la mkufunzi ni tofauti kidogo kwa kuwa yuko pale kikazi na pengine anataka ajulikane, ila naye anaulizwa, inachukua dakika moja.

Mtu atasema haya ni ya mashirika, mi ni mtu binafsi kwenye ukurasa wangu. Sheria nyingi za kulinda data za watu kweli zinawaacha watu na mambo yao ya nyumbani, albamu ya familia haimhusu mtu. Lakini mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya mama mmoja wa Sweden aliyekuwa anajitolea kanisani, alitengeneza ukurasa wake mwenyewe kwenye kompyuta ya nyumbani akaandika kuhusu wenzake wa parokia, majina, kazi zao, na kwamba mmoja ameumia mguu na anafanya kazi nusu siku tu kwa sababu ya ugonjwa. Aliandika kwa nia nzuri tu na aliposikia wenzake hawajapenda akatoa. Mahakama ikasema kutaja watu kwa majina kwenye ukurasa wa intaneti ni kuchakata data zao, na kwamba kighairi cha mambo ya nyumbani hakimfikii mtu anayeweka vitu mahali ambapo idadi isiyojulikana ya watu wanaweza kuvifikia, na ule mguu ulioumia ni taarifa ya afya ambayo inalindwa zaidi. Kesi yenyewe ilikuwa ya maandishi, haikuwa ya picha, ila mantiki ni ile ile. Mpaka haupiti kwenye wewe ni nani, unapita kwenye nani anaweza kuona.

Ugumu wa kweli uko kwa watu wenye majina makubwa, maana ukisema kila picha yenye jina inahitaji ruhusa utakuwa umewapa viongozi uwezo wa kufuta habari za matendo yao. Hapa hakuna kipimo cha mstari mmoja. Kiongozi akipokea hongo na picha ipo, jina linakuwa ndo habari yenyewe, hakuna wa kumuomba ridhaa. Ila umaarufu peke yake haufungui kila mlango. Mwaka 2001 gazeti la Mirror la Uingereza lilitoa habari kwamba mwanamitindo Naomi Campbell anahudhuria mikutano ya Narcotics Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha dawa za kulevya, pamoja na picha zake alizopigwa kwa siri akiwa nje ya mkutano. Alikuwa ameshawahi kuuambia umma kwamba hatumii dawa za kulevya, kwa hiyo mawakili wake wakakubali kabisa kwamba gazeti lilikuwa na haki ya kusema anatumia na kwamba anatibiwa, maana alisema uongo na umma ulistahili kurekebishwa. Walichokipinga ni ziada: jina la kikundi, ratiba ya matibabu, na picha zinazoonyesha mahali. Mwaka 2004 majaji wa ngazi ya juu walimpa ushindi kwa kura 3 dhidi ya 2, fidia pauni 3,500.

Kinachonigusa kwenye kesi hio ni kwamba gazeti lenyewe lilifunika sura za watu wengine waliokuwa pale na Campbell. Yaani wahariri walijua fika kwamba kumuonyesha mtu akiwa pale kunamdhuru, wakawalinda wasiojulikana. Na majaji wakaona kwamba habari ingesimama bila picha, na kwamba kumwonyesha mgonjwa mlangoni pa matibabu kunaweza kumfanya aache kwenda. Kura 3 kwa 2 lakini, waliokataa nao walikuwa na hoja, walisema ukiruhusu habari yenyewe itoke basi mwandishi aachiwe nafasi ya kuamua namna ya kuisimulia. Sioni kama hoja hio ni ya kupuuzwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka huo huo, kwenye kesi ya Binti Mfalme Caroline wa Monaco aliyepigwa picha akinunua vitu na akipanda farasi, ikaweka swali ambalo linatumika mpaka leo, je picha inachangia chochote kwenye mjadala wenye maslahi kwa umma, au inashibisha udadisi tu? Mwaka 2012 huyo huyo Caroline alipoteza kesi nyingine kwa sababu picha yake ya likizo iliambatana na makala kuhusu ugonjwa wa baba yake aliyekuwa mtawala, na watoto wake walivyokuwa wanamuuguza. Picha za namna moja, mtu yule yule, jibu tofauti kwa sababu ya habari iliyozizunguka.

Turudi kwa Neema, tayari imetoka, afanyaje? Ridhaa hata ile iliyotolewa sawasawa inaweza kurudishwa, na sheria ya Ulaya ya kulinda data, GDPR, inasema wazi kurudisha kuwe rahisi kama ilivyokuwa kutoa. Kinachokwamisha mara nyingi sio ukaidi, ni kwamba mtu anaomba "toeni picha yangu" na admini anafuta kitu kimoja akidhani amemaliza. Jina limekaa sehemu nyingi zaidi ya kapsheni. Liko kwenye tagi, liko kwenye jina la faili (unakuta picha inaitwa jina lake na la ukoo nukta jpg, na anwani ya picha inabeba hilo jina), liko kwenye maandishi ya kuwasaidia wasioona ambayo hayaonekani kwenye ukurasa lakini mashine za kutafuta zinayasoma, na linaweza kuwa limeandikwa ndani ya faili lenyewe maana programu za wapiga picha zina sehemu maalum ya kujaza nani yuko kwenye picha. Kuangalia hayo ya ndani na kuyafuta kuna programu ya bure inaitwa ExifTool:

```
exiftool picha.jpg
exiftool -all= picha.jpg
```

Ya kwanza inaonyesha, ya pili inafuta. Ila ujue ya pili inafuta yote, na jina la mpiga picha pia, na wakati mwingine picha inageuka upande kwa sababu hata maelezo ya mwelekeo yameondoka, alafu inaacha nakala ya zamani pembeni inayoishia na `_original` ambayo bado ina kila kitu, hio usiipakie kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo ombi la Neema liwe na vitu hivyo kwa majina yake: anwani kamili ya ukurasa, anwani ya picha yenyewe, na kwamba anaomba picha itolewe au, kama anaona picha haina shida, jina litoke kapsheni, tagi, jina la faili na maandishi yaliyofichwa. Apige skrinshoti yenye tarehe kabla hajaandika, maana baada ya kufutwa hatakuwa na ushahidi akihitaji kwenda mbele. Hana haja ya kueleza sababu, na kama sababu ni yule mtu wa zamani basi namshauri asiieleze kabisa kwa maandishi. Chini ya GDPR aliyeombwa ana mwezi mmoja wa kujibu, nchi nyingi zenye sheria ya data zina mamlaka ya kupokea malalamiko kama hajajibiwa.

Baada ya kutolewa, mashine za kutafuta huwa zinaendelea kuonyesha nakala ya zamani kwa muda, picha ndogo inakuja kwenye matokeo wakati ukurasa haupo tena. Hio inaombwa kwa mwenye mashine ya kutafuta, tofauti na ombi la kwanza, na mpangilio ni lazima uwe huo, ukurasa kwanza alafu matokeo, kwa sababu ukurasa ukibaki mashine itauokota upya. Na kama waliotoa wamekataa kabisa, Ulaya tangu hukumu ya Mei 2014 dhidi ya Google mtu anaweza kuomba matokeo yasitokee anapotafutwa kwa jina lake hata kama ukurasa umebaki pale pale. Hii haifuti picha, inakata tu ule uzi kati ya jina na sura. Kwa mtu kama Neema mara nyingi uzi huo ndo uliokuwa unamuumiza.

Kuhakikisha, afungue dirisha la siri la kivinjari ili historia yake isibadilishe matokeo, aandike jina lake kamili ndani ya alama za kunukuu, aangalie kurasa na aangalie upande wa picha pia, alafu arudie baada ya wiki chache. Waliochukua nakala na kuiposti kwingine wanaandikiwa mmoja mmoja, na zile zilizoingia kwenye makundi ya simu hazifikiki tena na mtu yeyote.